Kuweka na kutoa pesa kwa wakala wa benki: soma risiti kabla hujaondoka dirishani

Nimekaa nyuma ya dirisha la uwakala wa benki miaka ya kutosha kujua mteja anapopotezea pesa zake. Mara nyingi hakuna mwizi aliyemfuata. Anapoteza pale anapokabidhi noti kabla ya kuuliza swali moja dogo, au anapoikunja risiti na kuitia mfukoni bila kuisoma. Nitakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili, kisha nieleze kwa kirefu lile linalowasumbua watu kuliko yote: umetoa pesa, akaunti imekatwa, lakini mashine haikutoa risiti wala wakala hajakupa kitu.

Kwanza ujue pesa inapita wapi

Wakala ana akaunti yake benki, na humo ameweka pesa zake mwenyewe za kufanyia kazi. Hiyo ndiyo floti. Pembeni ana droo ya keshi. Unapoweka pesa, benki inakata kiasi hicho kwenye floti ya wakala na kukiingiza kwenye akaunti yako papo hapo. Noti ulizompa zinabaki kwake kufidia floti iliyopungua. Unapotoa, inakuwa kinyume: akaunti yako inakatwa, floti yake inaongezeka, naye anakuhesabia keshi kutoka kwenye droo.

Kwa hiyo wakala mwenye droo iliyojaa noti anaweza kushindwa kukuwekea hata kiasi kidogo, kwa sababu floti imekwisha. Na mwenye floti nyingi anaweza kushindwa kukulipa, kwa sababu droo ni tupu. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno la hatari: "Niachie tu, nitakuwekea baadaye." Wakala anayesema hivyo huenda si mwizi kabisa. Floti imemwishia, na hataki kukupoteza kama mteja. Lakini ukishamwachia, pesa yako imekuwa mkopo kwake, tena mkopo usio na maandishi. Akiugua jioni ile, au mwenye duka akija kukusanya mauzo, huna cha kuonyesha.

Basi swali linakuja kabla ya kutoa noti au kadi mfukoni. Ukienda kuweka: "Kaka, floti ya laki tatu ipo?" Ukienda kutoa: "Dada, keshi ya laki tatu ipo?" Akisema haipo, nenda kwa mwingine au rudi baadaye. Ukiona anasita, taja kiasi kidogo zaidi uone kama atakubali haraka. Mara nyingi hapo ndipo utajua alichonacho.

Kuweka pesa

Zihesabu nyumbani, uzipange kwa thamani ya noti, na uandike namba ya akaunti kwenye karatasi. Usiitaje kwa mdomo. Tarakimu moja ikisikika vibaya, pesa inakwenda kwa mtu mwingine, na kuirudisha si kazi ya wakala tena. Benki italazimika kumtafuta aliyeipokea, na kama ameshaitoa, utasubiri sana.

Dirishani, mwache wakala ahesabu mbele ya macho yako, na mkubaliane kiasi kwa sauti kabla hajaingiza chochote kwenye mashine. Ikiwa kuna noti anayoitilia shaka, airudishe wakati huo huo. Noti ikishaingia kwenye droo na kuchanganyika na nyingine, hakuna tena anayeweza kuthibitisha imetoka kwa nani, wewe wala yeye.

Sasa kuna jambo ambalo wateja wengi hulifanya kinyume. Namba ya akaunti ikishaingizwa, kwa kawaida mashine huonyesha jina la mwenye akaunti kabla ya muamala kukamilika. Usianze wewe kulitaja. Mwambie wakala, "Nisomee jina lililotokea." Ukilitaja wewe kwanza, mtu aliyechoka na mwenye foleni mbele yake ataitikia tu "ndiyo, ndilo hilo" bila kutazama vizuri. Akilisoma yeye, analazimika kuangalia kioo.

Noti zikae juu ya meza, mbele yenu wote wawili, mpaka risiti itoke. Wakala mwenye adabu ya kazi hatachukia, maana na yeye inamlinda.

Kusoma risiti

Risiti ya wakala ni ndogo na ina maandishi mengi, lakini mambo ya kuangalia ni machache. Anza na aina ya muamala. Imeandikwa DEPOSIT au CASH IN kama umeweka, WITHDRAWAL au CASH OUT kama umetoa. Nimewahi kumwona mzee mmoja akija na karatasi aliyopewa kwingine, akiamini ni ya kuweka pesa. Juu yake palikuwa pameandikwa BALANCE INQUIRY, yaani mtu aliuliza salio tu. Karatasi ilikuwa halisi, mashine halisi, na tarehe ya siku ile. Ila hakuna pesa iliyoingia popote.

Kisha tafuta matokeo. APPROVED au SUCCESSFUL maana yake imekubaliwa. DECLINED au FAILED maana yake imekataliwa. Mashine nyingi huchapa risiti hata muamala ukikataliwa, na karatasi hizo mbili zinafanana kwa mbali. Kutoka tu kwa karatasi hakujathibitisha kitu.

Baada ya hapo ni kiasi, jina au namba ya akaunti, na tarehe na saa. Namba ya akaunti au ya kadi mara nyingi hufichwa kwa nyota na kuachwa tarakimu za mwisho. Linganisha hizo na zako. Saa iwe ya dakika hii hii. Ukiona neno REPRINT au DUPLICATE, ujue hiyo ni nakala ya muamala uliokwisha kufanyika. Kama kweli ni nakala ya muamala wako, sawa. Kama hukuomba nakala, uliza kwa nini umepewa hiyo na si ya kwanza.

Mwisho angalia namba za utambulisho. Hizi ndizo zitakazokusaidia kukiwa na mgogoro. TID ni namba ya mashine yenyewe. Kuna namba ya wakala, na jina lake, ambalo linapaswa kufanana na lililo kwenye bango la dirisha. Kuna STAN, namba fupi ya tarakimu 6 ambayo mashine huupa kila muamala. Na kuna RRN, namba ya kumbukumbu ya muamala, wakati mwingine imeandikwa REF, ambayo kwa miamala ya kadi huwa na urefu wa herufi au tarakimu 12. Mtu wa huduma kwa wateja akiwa na RRN, tarehe na kiasi, anaweza kuupata muamala wako kati ya maelfu. Akiwa na maelezo ya "niliweka juzi kwa yule dada wa pale kona," hawezi.

Risiti iliyoandikwa kwa kalamu, hata ikiwa na muhuri, haithibitishi kwamba benki imepokea. Inathibitisha kwamba wakala amepokea, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mwongozo wa uwakala wa Benki Kuu ya Kenya wa mwaka 2010, kwa mfano, unamkataza wakala kufanya muamala mtandao ukiwa umekatika, au pale risiti au uthibitisho usipoweza kutolewa. Kwa hiyo "mashine imeishiwa karatasi" ni sababu ya kusubiri karatasi nyingine. Si sababu ya kuacha pesa.

Ujumbe wa simu kutoka benki unasaidia, lakini usiutegemee peke yake. Unaweza kuchelewa mtandao ukisumbua, na tapeli anaweza kutunga ujumbe unaofanana nao herufi kwa herufi. Ukitaka uhakika, fungua menyu ya benki yako kwenye simu na utazame salio mwenyewe, ukiwa bado hapo dirishani. Au omba taarifa fupi ya akaunti, yenye miamala michache ya mwisho, kama mashine yake inaitoa.

Na karatasi yenyewe ina udhaifu. Haina wino, maandishi yanatokea kwa joto la mashine, na joto hilo hilo linaweza kuyaharibu. Ukiiacha juani, kwenye gari, au ndani ya mfuko wa plastiki kwa muda mrefu, inaweza kufifia mpaka ikabaki nyeupe. Ipige picha siku hiyo hiyo, ikiwa imenyooka, namba zote zikisomeka.

Kutoa pesa

Hapa mpangilio unakuelemea wewe. Ukiweka, wakala anaona noti zako kwanza. Ukitoa, akaunti yako inakatwa kwanza, ndipo unapohesabiwa pesa. Ndiyo maana swali la keshi ni la lazima.

Kadi isitoke machoni pako. Kabla ya kuingiza namba ya siri, tazama kiasi kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine, uhesabu sifuri zake. Kisha ingiza namba ya siri mwenyewe, ukifunika kwa mkono wa pili. Wakala hahitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote ile, hata kama wewe huoni vizuri au hujui kusoma. Kama huwezi kuingiza mwenyewe, nenda na mtu wa nyumbani unayemwamini, au nenda tawini. Nimewaona wazazi wetu wakiitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima, na inaniuma kila mara, kwa sababu wanafanya hivyo kwa kumwamini mtu.

Kwa wanaotumia alama ya kidole, kila mgandamizo ni sahihi yako. Ukiambiwa "weka tena, haikusoma," tazama kioo wewe mwenyewe. Kidole kikikosa kusomwa, mashine inakaa pale pale inapoomba kidole. Ikiwa imeshasonga mbele na kuanza kuwasiliana na benki, mgandamizo wa pili utakuwa wa muamala mwingine, na una haki ya kuuliza wa kwanza umeishia wapi.

Wanaotoa kwa simu bila kadi wanaingiza namba ya wakala. Subiri jina lake litokee kabla ya kuthibitisha. Benki nyingine zinakupa msimbo wa kutumia mara moja, ambao ndio unampa wakala. Huo unaruhusiwa kuutaja, dirishani na si kwenye simu. Namba ya siri hairuhusiwi popote.

Hesabu pesa hapo hapo, kabla ya kugeuka. Ukiondoka hatua tatu na kurudi kusema imepungua, hata wakala mwaminifu hana namna ya kujua.

Akaunti imekatwa, pesa hujapata

Nichukue mfano mmoja na tuufuate wote. Dada mmoja ana salio la 412,600. Anataka 300,000. Keshi ipo, ameuliza. Anaingiza kadi na namba ya siri, mashine inazunguka, mtandao unakatika, na kioo kinaandika TIMEOUT. Wakala anasema, "Tujaribu tena." Wanajaribu. Mashine inatoa karatasi: DECLINED, na kando yake 51.

Namba hizo za majibu, zenye tarakimu mbili, zina maana maalumu kwenye miamala ya kadi. 00 ni kukubaliwa. 55 ni namba ya siri kukosewa. 91 ni benki yako au mfumo wa kuunganisha kutopatikana. Na 51 ni salio halitoshi. Sasa fikiri: mtu mwenye 412,600 anawezaje kukosa salio la kutoa 300,000? Jibu ni kwamba jaribio la kwanza lilifika benki. Benki ilikata, ikatuma jibu, na jibu likapotea njiani. Kwenye akaunti zimebaki 112,600 ukiondoa ada, na hazitoshi kwa jaribio la pili.

Kosa kubwa linafanyika sasa. Wakala, kwa nia njema, anasema, "Jaribu laki moja." Itakubali, kwa sababu salio linatosha. Dada ataondoka na 100,000, akaunti ikiwa imekatwa 400,000 na ada mbili, huku ana karatasi moja ya DECLINED na moja ya APPROVED. Kumweleza mtu wa benki hadithi hiyo kesho yake ni kazi ngumu.

Baada ya jaribio la kwanza kukatika, kitu cha kufanya ni kimoja: kutazama salio. Lisipokuwa limepungua, jaribu tena bila wasiwasi. Likiwa limepungua, msiguse tena kutoa pesa. Mashine nyingi zikirudi kwenye mtandao hutuma zenyewe ujumbe wa kuubatilisha muamala ambao hazikupata jibu lake, na pesa inaweza kurudi ndani ya dakika chache. Subiri kidogo ukiwa pale pale, utazame salio tena.

Isiporudi, kuna mahali pa kutazama ambapo wateja hawapakumbuki: floti ya wakala. Kumbuka pesa inayotoka kwako inaingia kwake. Mwombe kwa heshima aangalie taarifa yake: je, floti imeongezeka 300,000 kwa saa ile? Kama imeongezeka, benki imeuhesabu muamala kuwa umekamilika, na ana wajibu wa kukupa keshi yako. Apige simu benki kwanza kuthibitisha kwamba muamala hautabatilishwa, kwa sababu ukibatilishwa baada ya yeye kukulipa, hasara ni yake. Kama floti haikuongezeka, basi wakala hana pesa yako. Imekwama kati ya mifumo, na kumgombeza hakutaitoa. Hilo hutokea zaidi kadi ikiwa ya benki nyingine na si ile ya wakala, kwa sababu ujumbe unapita mikono mingi zaidi, na marekebisho huchukua siku kadhaa.

Piga simu benki iliyokupa kadi kabla ya kuondoka. Tumia namba iliyo nyuma ya kadi, si namba utakayopewa na mtu wa kwenye foleni. Wape tarehe na saa, kiasi, namba ya wakala, TID, na STAN au RRN ya karatasi yoyote iliyotoka, hata ile ya DECLINED. Kama jaribio lililokatika halikutoa karatasi, wakala anaweza kusoma TID kwenye risiti nyingine ya mashine hiyo hiyo. Usiondoke simuni bila namba ya lalamiko. Iandike nyuma ya karatasi, upige picha pande zote mbili. Wakala naye aripoti upande wake siku hiyo hiyo. Malalamiko mawili yanayotaja STAN moja yanakwenda haraka kuliko moja.

Simu inayokuja baadaye

Lipo tukio moja zaidi, na linafuata muamala uliokwenda vizuri. Unafika nyumbani, simu inaita. Mtu anasema ni wakala uliyemtembelea, anataja kiasi ulichoweka, na anasema amekosea akakuzidishia. Anaomba umrudishie, au umsomee msimbo uliotumwa kwenye simu yako. Anajua kiasi kwa sababu alisimama nyuma yako kwenye foleni, au aliokota risiti uliyoitupa.

Usibishane naye na usitume kitu. Tazama salio lako kwenye menyu ya benki, ulilinganishe na risiti. Wakala aliyekosea kweli ana njia yake: anaripoti benki akiwa na namba ya muamala, na benki ndiyo inayokupigia au kukuita. Ukitaka kumsaidia, mwambie utapita dirishani kesho na risiti yako. Wakala wa kweli atakushukuru. Yule mwingine atasema haiwezekani kusubiri mpaka kesho.